Nyayo zinawaka moto usiku, na sasa zimeanza kufa ganzi

SWALI

Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 58, nina kisukari mwaka wa 14 sasa. Natumia metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni kwa zaidi ya miaka 10. Tangu mwaka jana nyayo zote mbili zinawaka moto usiku, hata shuka ikinigusa naona kero. Nikipata usingizi ni baada ya kuloweka miguu kwenye maji ya moto na kumeza diklofenaki. Miezi miwili hii moto umepungua kwenye vidole, ila nikitembea ni kama nimekanyaga pamba. Mwanangu anasema ni dalili ya kupona. Kipimo cha mwisho cha HbA1c kilikuwa asilimia 9.4, hivyo nimeanza kula mlo mmoja kwa siku ili sukari ishuke haraka. Jirani naye kanishauri nichome sindano za vitamini. Je, napona? Na kuna dawa ya huu moto?

JIBU

Mama, shikamoo. Nianze na lililo la haraka: leo usiku usiloweke tena miguu kwenye maji ya moto. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi uende kliniki, hilo halisubiri. Sababu yake imo ndani ya jibu la swali lako la kwanza.

Kwa maelezo yako, hii siyo dalili ya kupona. Mshipa wa fahamu unaopeleka habari za kidole gumba cha mguu huanzia karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno, na kushuka mpaka ncha ya kidole. Ndio mrefu kuliko yote mwilini. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mshipa wenyewe, na huharibu pia vijishipa vidogo vya damu vinavyoulisha, na ulio mrefu ndio huathirika mwanzo. Ndiyo maana tatizo huanzia vidoleni, kwenye miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda taratibu kama soksi inayovutwa juu. Likikaribia magoti, mara nyingi na ncha za vidole vya mikono huanza.

Mshipa unaoumia hupiga kelele kabla haujanyamaza. Nyuzi zake zilizodhoofika hurusha ishara zenyewe bila kuguswa na chochote, na ubongo huzipokea kana kwamba unyayo umewekwa juu ya kaa la moto. Usiku kero huzidi kwa kuwa hakuna shughuli ya kukushughulisha akili. Nyuzi hizo zikifa, ishara hukoma, na moto nao hupungua. Kwa hiyo moto kupungua kuna maana mbili zilizo kinyume kabisa, na kinachozitofautisha ni hali ya mguso. Kama mshipa unapona, moto hupungua na wakati huohuo unazidi kuhisi vizuri unapoguswa. Kama unakufa, moto hupungua na ganzi inaongezeka. Hiyo hisia ya kukanyaga pamba iko upande wa pili. Mtu anaweza pia kuwa na moto na ganzi mahali pamoja, na wala hilo halipingani.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichohitaji kifaa chochote, na mwanao anaweza kukifanya. Keti umenyoosha miguu, soksi umevua, ufumbe macho. Yeye aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde 1 hadi 2, bila kubonyeza, bila kupapasa, na bila kurudia kidole alichokwisha kugusa. Aguse ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole kidogo cha kulia, kisha gumba cha kushoto, kidogo cha kushoto, halafu cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Ni miguso 6. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Ukikosa miwili au zaidi, chukulia kuwa miguu yako imepoteza hisia ya kujilinda. Wengi hukosea kwa kubonyeza kwa nguvu: hapo kinachohisiwa si mguso wa ngozi bali kiungo kikisukumwa, na kipimo kinadanganya kwamba uko salama.

Kliniki watakagua vizuri zaidi. Wana uzi wa nailoni unaopinda unapofikia shinikizo la gramu 10. Huugusisha kwenye unyayo mahali kadhaa na kukuuliza kama unahisi. Wana pia uma wa chuma unaotetema, unaowekwa juu ya kidole gumba. Omba vyote viwili, na omba wapapase mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Ganzi peke yake ina hatari yake. Ikikutana na damu isiyofika vizuri mguuni, kidonda kidogo tu hupona kwa taabu kubwa.

Sasa turudi kwenye beseni la maji. Mtu mwenye hisia timamu akiingiza mguu kwenye maji ya nyuzi 45 huanza kuumia na kuutoa. Maji ya nyuzi 50 huunguza ngozi kwa dakika chache. Wewe maumivu hayo yanayokuonya yamepungua, kwa hiyo maji unayoyaona ya vuguvugu tu yanaweza kuwa yanakubabua. Asubuhi mtu huona malengelenge na hajui yametoka wapi. Tena kuloweka kwa muda mrefu hulainisha ngozi na kuiacha kavu baadaye, ikapasuka kwenye kisigino na kati ya vidole, na wadudu wa maradhi hupita hapo. Osha miguu kila siku kwa maji yasiyozidi nyuzi 37, uyapime kwa kipimajoto au kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Kausha hasa kati ya vidole, paka mafuta ya kulainisha ngozi kwenye unyayo na kisigino, na usipake katikati ya vidole. Chupa ya maji ya moto kitandani na kuota moto karibu navyo viache. Kama shuka inakukera, vaa soksi laini za pamba zisizobana, au weka kitu cha kuinua shuka upande wa miguuni isiguse nyayo.

Diklofenaki nayo iache. Dawa za jamii hiyo hutuliza maumivu yatokanayo na uvimbe, kama jino au kiungo kilichoteguka. Maumivu haya yanatoka kwenye mshipa wenyewe wa fahamu, na dawa hiyo haifiki kwenye chanzo chake. Hasara yake ni figo: kisukari cha miaka 14 tayari kinazielemea, na diklofenaki ya kila usiku inaongeza mzigo. Mwombe daktari apime kreatinini ya damu na protini ya mkojo. Majibu hayo utayahitaji tena hapa chini, tukifika kwenye dawa.

Kuhusu sindano za vitamini, jirani yako ameshika upande mmoja wa jambo la kweli. Metformini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 katika utumbo, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka kuwa mingi, ndivyo upungufu unavyowezekana. Gramu 2 kwa siku kwa miaka zaidi ya 10 inakuweka katika kundi linalopaswa kupimwa. Upungufu wa B12 nao huleta ganzi na kuwaka kwa nyayo, na kwa dalili tu hautofautiki na madhara ya sukari. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Tofauti ni kwamba sehemu inayotokana na B12 ina tiba, ikiwahiwa.

Lakini mpangilio ni muhimu: damu itolewe kwanza, sindano baadaye. Ukichoma kabla, kiwango cha B12 kwenye damu kitapanda na majibu yatasoma vizuri hata kama mwili ulikuwa na upungufu, na hapo hakuna atakayejua ukweli tena kwa muda. Kiwango kilicho chini ya pikogramu 200 kwa mililita kwa kawaida huhesabiwa ni upungufu. Kikiwa juu kidogo ya hapo na dalili zipo, daktari anaweza kuamua kukutibu hata hivyo. Tiba ni B12 yenyewe, kwa sindano za mikrogramu 1,000 kwa ratiba atakayokupa, au vidonge vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kila siku. Usiache metformini kwa ajili ya hili, B12 hujazwa huku dawa ikiendelea.

Na soma maandishi ya chupa au boksi. Mchanganyiko mwingi wa vitamini unaouzwa kwa ajili ya "mishipa" una B6 nyingi pamoja na hiyo B12. B6 ikitumiwa kwa wingi kwa miezi na miezi huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile unayoikimbia. Nasisitiza hili kwa sababu mgonjwa anayeona ganzi inazidi huongeza vidonge, na vidonge vinaongeza ganzi. Kama kipimo kinaonyesha B12 yako inatosha, sindano za B12 hazitakuondolea moto huu.

Wakichukua damu hiyo, waombe waangalie pia tezi ya shingo, na umweleze daktari kila dawa unayotumia au uliyowahi kutumia kwa muda mrefu, hasa ya kifua kikuu, pamoja na kama unakunywa pombe. Hayo nayo huharibu mishipa. Kuna dalili ambazo zingenifanya nitilie shaka kwamba chanzo ni sukari: mguu mmoja tu ukiwa na tatizo, udhaifu wa misuli kuliko ganzi, mambo kuharibika ndani ya siku au wiki chache, au shida mpya ya kuzuia mkojo au choo. Hujataja hata moja. Zikitokea, hasa hilo la mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya moto ipo, ingawa haifufui mshipa. Inapunguza zile ishara zinazorushwa ovyo. Lengo la haki ni maumivu kushuka kwa nusu hivi na wewe kulala usiku. Anayekuahidi kuyafuta yote anakudanganya. Kabla ya kuanza, andika kila usiku alama kutoka 0 hadi 10, ili baada ya mwezi mlinganishe namba badala ya kukumbuka kwa kubahatisha.

Inayopatikana kwa wingi ni amitriptilini. Kwa umri wako daktari huanza na miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha anaongeza kidogokidogo kila wiki ukivumilia, wengi wakiishia kati ya 25 na 50, na mara chache 75. Mdomo hukauka, na asubuhi za mwanzo kichwa huwa kizito. Ukiamka usiku, keti kwanza kitandani kidogo ndipo usimame, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka ukaanguka, na mtu asiyehisi sakafu vizuri huanguka kirahisi. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, au tabu ya kukojoa, maana hapo atachagua nyingine. Nyingine hizo ni duloxetini, inayoanza na miligramu 30 na kufika 60 kwa siku, na gabapentini au pregabalini. Hizi mbili za mwisho hutolewa mwilini na figo, na ndipo kreatinini inapohitajika: figo zikiwa dhaifu dozi ya kawaida hujikusanya, mgonjwa akawa msinziaji na anayeyumba. Usichanganye yoyote kati ya hizi na pombe, na usiache ghafla ukishaizoea.

Kosa linaloharibu matibabu haya ni kuhukumu mapema. Mtu humeza miligramu 10 kwa siku nne, haoni kitu, anatangaza dawa haifai. Ipe dozi inayotosha wiki 4 hadi 6, ndipo muamue kuongeza, kubadili, au kuunganisha mbili. Na hapa namba zako zinasaidia tena: alama ikishuka kutoka 8 hadi 4, dawa inafanya kazi hata kama moto bado upo.

Kuhusu mlo mmoja kwa siku, nakuomba usiendelee. Sukari yako lazima ishuke, hilo halina mjadala, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupunguza kasi ya uharibifu kwenye chanzo chake. Ila mwendo nao una hesabu. HbA1c ni wastani wa sukari wa miezi karibu 3. Ikishuka kwa zaidi ya alama 2 ndani ya miezi 3, kwa mtu aliyezoea sukari ya juu kwa miaka, mishipa ya fahamu inaweza kuwaka moto mpya na mkali ndani ya wiki chache, na madhara ya jicho nayo yanaweza kuzidi kwa muda. Kutoka 9.4 hadi 7 ni alama 2.4. Ningependa mpange na daktari wako kufika karibu na 8 katika miezi 3 ya kwanza, kisha 7 au lengo atakalokuwekea, katika miezi inayofuata, na macho yako yakaguliwe kabla ya safari hiyo kuanza. Kama unatumia pia dawa nyingine za sukari zaidi ya metformini, kufunga hivyo kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi usiku, hatari kubwa kuliko moto wa nyayo.

Wakati hayo yote yanaendelea, miguu yako inahitaji macho kufanya kazi ambayo hisia imeiacha. Kila jioni iangalie kwenye mwanga, juu, chini, kisigino, na katikati ya kila kidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo sakafuni au mwanao apige picha ya nyayo kwa simu. Tafuta wekundu usiofutika, lengelenge, ufa, maji yanayotoka, kucha iliyozama, na sugu. Sugu yenye doa jeusi au la damu katikati kwa kawaida ina kidonda chini yake, kwa hiyo usiikate mwenyewe wala usibandike plasta zenye asidi. Kucha kata moja kwa moja bila kuzungusha pembe.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba, hata kwenda bafuni tu. Viatu vingi vinavyoonekana vinatosha havitoshi, na mguu wenye ganzi hauwezi kukwambia. Jipime hivi: simama juu ya karatasi, mwanao achore mzunguko wa mguu, mkate umbo hilo, kisha uliingize ndani ya kiatu. Karatasi ikikunjika pembeni, kiatu kinakubana. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Nunua alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo ya kutwa. Viatu vipya vaa saa moja tu, kisha vua uangalie kama kuna alama nyekundu. Na kila unapovaa kiatu, kipige chini na upitishe mkono ndani. Kokoto moja inaweza kukaa kutwa nzima bila wewe kujua.

Ukikuta jeraha, lioshe kwa maji safi, lifunike kwa shashi kavu, acha kulikanyaga, na ufike kliniki ndani ya siku moja. Lisikupumbaze kwa sababu haliumi. Kwa mguu wenye ganzi, ukubwa wa maumivu haupimi ukubwa wa kidonda. Homa, harufu, wekundu unaosambaa, au sehemu iliyogeuka nyeusi, hiyo ni hospitali papo hapo.

Jambo la mwisho linawapita wengi, hata wahudumu. Ukiona mguu mmoja umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila kidonda, na hauumi sana, usidhani ni kuteguka. Mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuwa inavunjika na kusogea polepole huku ukiendelea kutembea juu yake. Weka nyuma ya kiganja kwenye miguu yote miwili, mahali palepale, ulinganishe joto. Ukisikia tofauti, acha kuukanyaga mguu huo mara moja na nenda siku hiyohiyo. Picha ya eksrei inaweza kutoka safi mwanzoni, kwa hiyo ikisomwa ni ya kawaida ilhali mguu bado una joto, mwambie daktari una kisukari na ganzi, na usikubali kurudishwa nyumbani ukitembea kwa mguu huo kabla ya kuangaliwa na anayezijua nyayo za wenye kisukari. Kwa mguu wa namna hiyo tiba ni kufungwa plasta ngumu na kutokanyaga kwa miezi, hadi joto la miguu miwili lilingane.

Kwa hiyo ukienda kliniki wiki hii, beba boksi la kila dawa na vitamini unazotumia, karatasi ya alama za usiku, na matokeo ya miguso 6. Omba B12, kreatinini, protini ya mkojo, tezi na macho, na usichome sindano yoyote kabla damu haijatolewa.